Fungu la faida au gawio: hesabu ya asilimia 25 ya kiwanda cha barafu

"Kampuni yetu ya samaki hapa Malindi ina asilimia 25 ya kiwanda cha barafu. Wamepata faida, kisha wakatutumia gawio. Kwenye vitabu vyetu niandike lipi kuwa pato?"

Kwa njia ya mtaji ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 28, pato ni fungu la faida. Gawio linapunguza thamani ya uwekezaji kwenye mizania, wala halipiti kwenye taarifa ya mapato. Lakini kampuni inayofuata kiwango cha IFRS cha kampuni ndogo na za kati ina uhuru zaidi: sehemu ya 14 inairuhusu kuacha uwekezaji kwa bei ya kununulia na kuandika gawio kama pato, mradi hisa zenyewe haziuzwi kwa bei inayotangazwa sokoni. Kwa hiyo kampuni nyingi za pwani hulazimika kuchagua, na uchaguzi huo si mwepesi.

Kwanza tuhakikishe kiwanda kweli ni kampuni shirika, yaani kampuni ambayo mwenye hisa ana ushawishi mkubwa juu yake bila kuidhibiti. Mwenye asilimia 20 ya kura au zaidi huchukuliwa kuwa ana ushawishi mkubwa, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kiti kwenye bodi na sauti katika kuamua gawio ni dalili nzuri. Mwenye asilimia 25 ambaye haitwi kikaoni na hapewi hesabu hata akiomba, ushawishi wake una walakini.

Tuseme hisa zilinunuliwa Januari 2024 kwa shilingi 6,000,000. Vitabu vya kiwanda vilionyesha mali halisi, baada ya kutoa madeni, ya 16,000,000. Mitambo ya kugandisha ilikuwa na thamani ya soko inayozidi ya vitabuni kwa 4,000,000, na ilibakiza miaka 8 ya kazi. Fungu la mnunuzi katika jumla ya 20,000,000 ni 5,000,000. Milioni moja iliyozidi ni gudwili. Haiandikwi peke yake. Imo ndani ya zile milioni sita. (Kodi iliyoahirishwa naiweka kando ili hesabu ionekane.)

Mwaka 2024 kiwanda kikapata faida ya 4,800,000 baada ya kodi, na robo yake ni 1,200,000. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Ile ziada ya mitambo ililipiwa, kwa hiyo lazima ichakae: 4,000,000 kwa miaka 8 ni 500,000 kwa mwaka, na robo yake ni 125,000. Fungu la kuandika ni 1,075,000. Gawio la kiwanda kizima lilikuwa 2,000,000, na robo yake ni 500,000.

```
Debiti  Uwekezaji katika kampuni shirika   1,075,000
Krediti Fungu la faida                     1,075,000

Debiti  Benki                                500,000
Krediti Uwekezaji katika kampuni shirika     500,000
```

Uwekezaji unafunga mwaka kwa 6,575,000. Gawio likitangazwa kabla ya Desemba lakini fedha zikaingia Januari, debiti ya pili iende kwa wadaiwa, si benki.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutia fungu la faida na gawio lote kwenye mapato. Shilingi zilezile zinahesabiwa mara mbili: pato linazidi kwa 500,000 na uwekezaji unabaki juu kwa kiasi hichohicho. Mizania haitalalamika, kwa sababu debiti na krediti zinalingana. Linalofichua kosa ni kujenga salio upya kutoka kwenye vitabu vya kiwanda. Mali halisi ya mwisho wa mwaka ni 16,000,000 jumlisha 4,800,000 toa 2,000,000, yaani 18,800,000. Robo yake ni 4,700,000. Ongeza robo ya ziada ya mitambo iliyobaki, 875,000, na gudwili 1,000,000. Inakuja 6,575,000. Isipolingana, tafuta gawio lilikoandikwa.

Sasa tuje kwenye ubishi. Tuseme mwaka 2025 kusi kilikuwa kikali, boti zikakaa ufukweni, na kompresa ikafa katikati ya msimu. Kiwanda kikapata hasara ya 2,400,000, lakini bodi ikagawa 800,000 kutoka kwenye faida za nyuma. Anayefuata bei ya kununulia ataonyesha pato la 200,000 katika mwaka ambao kiwanda kilikuwa kinazama. Kwa njia ya mtaji taarifa itabeba hasara ya 725,000, yaani 600,000 pamoja na ule uchakavu wa ziada, na uwekezaji utashuka hadi 5,650,000. Hapa sioni cha kubishania. Tena mwenye kiti kwenye bodi anaweza kusukuma gawio litoke mwaka ambao yeye mwenyewe anahitaji kupendezesha hesabu zake. Njia ya mtaji inamfungia mlango huo.

Upande wa pili nao una uzito. Turudi 2024, na tuseme biashara ya samaki yenyewe ilipata 900,000. Ukiongeza fungu, faida inakuwa 1,975,000, ilhali kutoka kiwandani zimeingia 500,000 tu. Wanahisa wa familia wataona karibu milioni mbili na kudai wagawiwe. Afisa wa mkopo naye akipima uwezo wa kulipa kwa faida hiyo bila kutazama mtiririko wa fedha, atakosea kwa 575,000. Mwenye robo hawezi kuilazimisha bodi igawe, na sheria ya kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu kugawa faida zilizopatikana kihalisi tu. Kuna na gharama: lazima upate hesabu za kiwanda kila mwaka, tena chini ya IAS 28 tofauti ya tarehe za kufunga vitabu isizidi miezi 3.

Kwangu mimi, mwenye kiti kwenye bodi afuate njia ya mtaji, na ile 575,000 aiweke kwenye akiba tofauti ya faida isiyogawiwa, ili asiwepo wa kuigusa kwa gawio la familia. Asiyepata hesabu za kiwanda kwa wakati ni heri abaki na bei ya kununulia kuliko kukisia fungu. Na anayechagua njia ya mtaji chini ya kiwango cha kampuni ndogo akumbuke kwamba huko gudwili hupunguzwa kila mwaka. Kwa miaka 10 ni 100,000 zaidi ya kutoa, na salio la 2024 lingekuwa 6,475,000. Chini ya IAS 28 haipunguzwi, ila uwekezaji mzima hupimwa dalili za kushuka thamani zikionekana, na kompresa iliyokufa katikati ya msimu ni dalili.

Kampuni inapouziana na kampuni shirika bidhaa ambayo bado iko ghalani kwa mnunuzi, robo ya faida ya mauzo hayo huondolewa. Barafu kwa bahati haina shida hiyo: ya asubuhi imeyeyuka juu ya nguru na jodari kabla ya jua kuchwa. Kampuni ya samaki ikikiuzia kiwanda friza yake kuukuu kwa faida, hapo hesabu ya kuondoa ipo.

Kodi ndiyo inayouma mfukoni. Kampuni mkaazi wa Kenya inayodhibiti asilimia 12.5 au zaidi ya kura za kampuni mkaazi nyingine haitozwi kodi ya mapato kwa gawio lake. Fungu la faida nalo si mapato ya kutozwa, kwani kiwanda kimeshalipa kodi yake. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kodi ya 2024 toa 1,075,000 yote kutoka kwenye faida ya vitabuni. Ukiisahau, kwa kiwango cha asilimia 30 utalipa 322,500 usizodaiwa.