"Vumilia, utapandishwa mwakani"

Bajeti ya mwaka mpya inapoanza kuandaliwa, maneno ni yale yale kwenye ofisi nyingi za Dar: "Vumilia kidogo, safari hii jina lako lipo." Inaniuma kuona mtu mwenye ofa mkononi akiikataa kwa sababu ya sentensi hiyo, tena imesemwa kwenye korido na msimamizi ambaye hana mamlaka ya kumpandisha mtu cheo.

Chukua mtu anayelipwa 1,200,000 kwa mwezi bila posho yoyote, na bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo. NSSF inakata asilimia 10, yaani 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 iliyobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya zile 80,000 za juu, jumla 152,000. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi zinabaki 748,000. Kampuni nyingine inampa 1,500,000. Kwa makato hayo hayo atabaki na 892,000, kwa hiyo zile laki tatu zimekuwa 144,000. Nakubali kwamba deni la Bodi litaisha mapema na akiba ya NSSF itakua, lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa akiba ya NSSF.

Hapo ndipo wengi wanapoona bora wasubiri, maana wameahidiwa cheo cha 1,600,000 baada ya mwaka. Ahadi ikitimia watapata 940,000 mkononi, yaani 48,000 zaidi ya ile ofa. Lakini mwaka wa kusubiri umeshawanyima 144,000 kila mwezi, jumla 1,728,000. Kuzirudisha kwa 48,000 kwa mwezi kunahitaji miezi 36 baada ya kupandishwa, hata kama kule kwingine mshahara usingeongezwa shilingi. Cheo kikichelewa miezi sita, ongeza mwaka mmoja na nusu mwingine. Hesabu hii haimgusi bosi hata kidogo, inakugusa wewe.

Kinachonikera zaidi ni kukaimishwa kimya kimya. Mkuu wa kitengo anaondoka, unaambiwa "shikilia hapo", unasaini ripoti zake, unahudhuria vikao vyake, na mshahara ni ule ule. Uongozi ukishaona kazi inakwenda kwa mshahara wako wa zamani, haraka ya kujaza nafasi inaisha. Dai barua ya kukaimu siku ya kwanza, ionyeshe tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho na posho. Barua ikikosekana, ukija kudai hiyo kazi watasema ulikuwa unasaidia tu.

Ahadi ya kweli unaitambua kwa maswali mawili. Nafasi hiyo ipo kwenye ikama na imetengewa fedha? Na aliyeikalia sasa anakwenda wapi? Kama yupo na hana mpango wa kuondoka, hakuna cheo cha kukupa. Majibu yakiridhisha, omba barua ya rasilimali watu yenye jina la cheo, mshahara kwa tarakimu, tarehe ya kuanza na sharti unalotakiwa kutimiza. "Tutaangalia utendaji wako" si sharti, kwa sababu hakuna siku utakayoweza kuonyesha kwamba umelitimiza. Wakikuandikia hayo yote, na tarehe iko ndani ya miezi mitatu, baki. Wakisita, chukua ofa.

Kuhama nako kuna mitego. Ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo anayefanya kazi miaka mingi sehemu moja anaacha kitu cha thamani. Mwenye mkopo wa mshahara aongee na benki kwanza, maana mkopo umefungwa kwa mwajiri wa sasa. Pia pima njia: mkazi wa Mbagala akihamishia kazi Tegeta, nauli na chakula vikiongezeka 3,000 kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni 66,000, karibu nusu ya ile 144,000.

Ukiamua kuondoka, usiandike barua ya kuacha kazi kwa kutegemea simu au ujumbe wa WhatsApp. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, hakikisha 1,500,000 ni kabla ya makato na uone ni kiasi gani ni mshahara wa msingi. Ndipo utoe notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka isipungue siku 28, ila mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Siku za likizo ulizolimbikiza zinalipwa, na cheti cha utumishi ni haki yako. Viombe vyote viwili ndani ya barua hiyo hiyo ya notisi.