Mwanzo wa Rasimu ya Pili, Mwili wa Rasimu ya Kwanza

Mdogo wangu aliniletea rasimu mbili za barua moja na kuniomba nimchagulie iliyo bora. Alikuwa akimdai mwenye nyumba aliyompangisha amana ya kodi ya miezi miwili, na alitaka barua iondoke siku hiyohiyo. Nilizisoma zote mbili, nikazirudia, na bado sikuweza kuchagua. Baadaye nilielewa kilichonikwamisha: nilikuwa natafuta mshindi mmoja katika mambo mawili tofauti. Barua ina namna inavyofunguka na ina namna inavyopangwa, na rasimu inayoshinda katika jambo la kwanza inaweza kabisa kushindwa katika la pili. Kwa maoni yangu, wengi wetu tunapolinganisha rasimu hukosea hapo, kwa kuwa mwanzo mzuri hutupendeza kiasi cha kutufanya tusamehe yote yanayoufuata.

Rasimu ya kwanza ilianza hivi: “Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi nilikuwa mpangaji wako kwa muda wa miaka mitatu, na katika kipindi chote hicho nililipa kodi kwa wakati na kuishi kwa amani na majirani.” Ya pili ilianza hivi: “Naomba unirejeshee amana ya kodi ya miezi miwili kabla ya tarehe 5 Juni. Kifungu cha 9 cha mkataba wetu kinataka amana irejeshwe ndani ya siku 30 baada ya makabidhiano ya nyumba, na siku hizo zilimalizika tarehe 30 Aprili.”

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini katika kulinganisha mianzo. Chukua karatasi tupu, funika barua yote isipokuwa sentensi mbili za kwanza, kisha jiulize kama msomaji aliyeishia hapo anajua anaombwa nini, kwa msingi gani, na kufikia lini. Katika rasimu ya pili anajua yote matatu. Katika ya kwanza hajui hata moja, na sentensi inayoanza na kichwa cha habari haimwambii lolote ambalo jicho lake halijaliona mstari mmoja juu yake. Najua sentensi hiyo tumeizoea katika barua rasmi, na wapo wanaoiona kuwa sehemu ya adabu. Mimi naamini adabu ya barua hukaa katika salamu, katika neno “naomba” na katika lugha isiyotukana. Sentensi ya kwanza ndiyo nafasi ya thamani kuliko zote katika ukurasa, na kuijaza kwa maneno ambayo yangefaa barua yoyote duniani ni kuipoteza.

Nilihesabu pia mahali ombi lilipokaa. Katika rasimu ya kwanza lilikuwa sentensi ya 11 kati ya 14, chini ya sifa za mpangaji na historia ya upangaji wake. Msomaji anayesoma sentensi kumi bila kujua zinaelekea wapi hana njia ya kupima lipi ni la maana, kwa hiyo hulazimika kurudi juu na kusoma upya, au huiweka barua kando.

Kufikia hapo ningeweza kusema rasimu ya pili imeshinda, na mdogo wangu alikwisha kuanza kuikunja ya kwanza. Nilimzuia, kwa sababu mpangilio hauonekani kwa kusoma tu. Unaonekana ukiandika kwenye pambizo, kando ya kila aya, maneno matatu au manne yanayoeleza kazi yake, kisha ukasoma maneno hayo peke yake kutoka juu hadi chini. Pambizo ya rasimu ya pili ilisomeka: ombi na kifungu, simu zisizopokelewa, hali ya nyumba, kifungu tena, madai ya rangi, simu tena. Jambo moja lilipotajwa katika aya mbili zilizoachana, nilijua mwandishi alikuwa anaandika kadiri mambo yalivyomjia. Ya kwanza ilisomeka: upangaji, makabidhiano ya tarehe 31 Machi, mazungumzo ya Mei kuhusu rangi, ombi. Hapo kila aya iliinuka juu ya iliyotangulia, na msomaji angeweza kuhakiki kila tarehe bila kurukaruka.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ya hoja moja. Mwenye nyumba alikuwa amesema kwa simu kwamba angekata gharama ya kupaka rangi upya. Hilo ndilo pingamizi lake, na barua yote inasimama au kuanguka hapo. Rasimu ya pili ililigusa katika aya ya tano kwa kulalamika: “Madai yako ya rangi si ya haki hata kidogo.” Ya kwanza, kwa kufuata tarehe, ilikuwa imekwisha kueleza kwamba siku ya makabidhiano wote wawili walitia saini fomu yenye maneno “kuta: hali nzuri, alama za matumizi ya kawaida”, hivyo madai ya rangi yalipotajwa yalikutana na jibu ambalo tayari liko mezani. Sentensi iliyohusu rangi haikuhitaji hata kivumishi kimoja cha hasira.

Tukafanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa yeyote mwenye rasimu mbili: tulibadilishana vichwa, mwanzo wa pili tukauweka juu ya mwili wa kwanza, na mwanzo wa kwanza juu ya mwili wa pili. Mchanganyiko wa mwisho ulikuwa mbaya kuliko rasimu zote mbili. Ule wa kwanza ulikuwa bora kuliko zote, lakini haukuungana wenyewe. Aya ya upangaji ilibaki bila kazi, kwa kuwa mwanzo mpya ulikwisha kumweka msomaji kwenye siku ya makabidhiano. Aya ya mwisho nayo ilirudia ombi kana kwamba halijatajwa, kwa hiyo tuliigeuza iseme namna ya kulipa na hatua itakayofuata endapo tarehe 5 Juni itapita.

Sidai kwamba ombi litangulie katika kila barua. Unapomwandikia mtu kumkatalia jambo alilolitumainia, au kumwomba radhi, sentensi ya kwanza iliyo wazi namna hii inaweza kumuumiza kabla hajasikia sababu, na hapo sentensi moja au mbili za kumwandaa ni za lazima. Barua ya kudai haki iliyoandikwa katika mkataba haina haja hiyo.

Tulibishana juu ya sentensi moja tu, ile ya kulipa kodi kwa wakati. Nilitaka iondoke, kwa kuwa amana haidaiwi kwa tabia njema bali kwa kifungu cha 9. Mdogo wangu alikataa. “Dada, miaka mitatu sikuchelewa hata mwezi mmoja, na hilo analijua,” aliniambia. Niliisoma barua kwa sauti, mara moja nikiwa nayo na mara moja bila hiyo, na nikakubali ibaki, ila si juu. Tuliipeleka kwenye aya ya mwisho, kabla tu ya hatua itakayofuata, ambako iliyafanya maneno ya onyo yasikike kama ya mtu anayesita kufika huko. Barua iliondoka ikiwa na sentensi tisa, na nakala ya fomu ya makabidhiano ikiwa imebanwa nyuma yake.