Facebook inasema imerudisha mara tano, hela iko wapi?

"Facebook inaniambia kila elfu kumi imerudisha elfu hamsini, Google nayo mara sita, mbona kwenye akaunti siioni?"

Huyo anauza kahawa ya kukaanga hapa Moshi, wateja wanalipa kwa M-Pesa. Mwezi uliopita kaweka milioni 1.4 kwenye matangazo ya Facebook na laki 6 ya Google. Ukijumlisha wanachodai ni milioni 7 na 3.6, yaani 10.6, wakati mauzo yote ya duka ni milioni 8! Hakuna aliyeiba, ni kwamba mteja mmoja anahesabiwa huku na huku. Facebook kawaida inajihesabia aliyebofya ndani ya siku 7 na hata aliyeliona tu tangazo ndani ya siku 1, Google inasubiri mpaka siku 30 baada ya kubofya.

Ndo maana watu wanakimbilia MER, mauzo yote gawa kwa hela yote ya matangazo, 8 kwa 2 unapata 4. Uzuri wake haidanganyiki na pikseli, kile kikodi kinachofuatilia nani kabofya kanunua, unasoma tu akaunti yako. Na kwa vile kwenye kila mia anabaki na 40 kabla ya matangazo, hapati hasara mpaka MER ishuke chini ya 2.5, kwa hiyo 4 inaonekana safi kabisa.

Asa hapo ndo mimi nasita. Kabla ya kusponsa alikuwa anauza milioni 5 kwa wateja wake wa siku zote, na MER inayapa matangazo sifa ya hao pia. Kilichoongezeka ni milioni 3, faida yake milioni 1.2, na katumia 2, yaani mwezi huo laki 8 imezama. Tena msimu wa watalii ukianza mauzo yanapanda yenyewe, MER nayo inapanda, unaongeza bajeti bure.

Kipimo cha pili ni muda wa kurudisha hela, nacho kinajibu swali jingine: faida ya mteja mpya inafidia hela ya tangazo baada ya miezi mingapi. Wateja wapya 100, kila mmoja kamgharimu elfu 20, oda ya kwanza ya elfu 30 inaacha elfu 12. Mwezi wa pili wakirudi 50 na wa tatu 40, wote kwa oda ileile, inaingia laki 6 halafu laki 4 na elfu 80, kwa hiyo hela imerudi mwezi wa tatu. Kama ana mtaji wa kusubiri sawa, kama mkulima anataka cash wiki ijayo, bana, biashara inakwama huku inalipa.

Shida ni kumjua mpya, maana watu wanalipa kwa namba ya mke au ya boda, na kurudi kwao mwanzoni unakisia tu. Mimi MER ningeiangalia kila wiki kama kengele, ila bajeti ningeipanga kwa muda wa kurudisha. Na vyote viwili havikwambii ukate Facebook au Google. Hapo azime lile tangazo la Google linalotokea mtu akiandika jina la duka lake, wiki mbili, asiguse kingine, aone kama oda zinapungua.