Neno likihamia ugenini hubana maana

Kuna makala inayosema Waingereza husema "chai tea", yaani huongeza neno lao la chai, "tea", baada ya "chai", kwa kutojua lugha za watu. Sikubaliani. Kwa Kihindi, chai ni chai yoyote, na ile ya viungo huitwa masala chai. Kiingereza kilikuwa tayari na jina la kinywaji chenyewe, kwa hiyo "chai" ilipofika huko ilibanwa ikabaki aina moja tu: ya maziwa, iliki na tangawizi. Neno la pili linataja kundi, la kwanza linataja aina. Jaribio ni rahisi: ondoa "chai", ibaki "tea" tu, kwenye menyu ya mgahawa wa London uone kama mteja ataletewa kinywaji kilekile. Hataletewa. Naan ilibanwa mapema zaidi. Kwa Kiajemi ni mkate wowote, lakini India ikawa ule wa chachu unaookwa kwenye tanuri la tandoor. Sisi tumeiacha "chai" pana, ndiyo maana tunasema chai ya rangi na chai ya maziwa. Lakini nasi hubana maneno: twasema Jangwa la Sahara, ilhali Kiarabu sahara tayari ni jangwa, na Ziwa Nyasa, ambapo nyasa kwa Kiyao ni ziwa. Nani ana mfano mwingine wa kwetu, usio jina la mahali?