Tuta mbele ya shule: dereva analalamika kwa haki, lakini si kwa kila kitu

"Barabara nyeupe, watoto wako darasani, kwa nini nitambae kwa kilomita 30 na bado matuta yanivunjie gari? Kibao peke yake hakitoshi?"

Tuanze na hiyo 30. Basi dogo limesimama ukingoni linashusha wanafunzi. Mtoto mmoja anapita mbele ya pua ya basi na kuchomoza kwenye njia yako, umebakiza mita 14 kumfikia. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, gari linakula mita 8 na ushee kila sekunde. Tukupe sekunde moja ya kuona na kuhamisha mguu hadi kwenye breki, na hapo tumekuhesabu kuwa dereva aliye macho kwelikweli. Mita 8 zimekwenda. Kwenye lami kavu na matairi mazima, breki zinahitaji mita nyingine 5 hivi. Umesimama, na kati ya bampa na mtoto pamebaki nafasi isiyofika mita moja.

Rudia tukio lile lile ukiwa kwenye kilomita 50. Sekunde moja imekula karibu mita 14, yaani mguu unagusa breki wakati bampa linamgusa mtoto. Anagongwa na mwendo wote wa 50, kana kwamba gari halina breki. Hata ile 40, ambayo wengi huiona ni ustaarabu wa kutosha, hapo inamfikia mtoto ikiwa bado kwenye 33 hivi. Na hayo yote ni kwa lami kavu. Mvua ikinyesha, ile sehemu ya breki hurefuka sana.

Upande wa pili wa mizani kuna muda wa dereva. Kipande cha mita 300 mbele ya shule huchukua sekunde 36 kwa mwendo wa 30, na sekunde 22 kwa mwendo wa 50. Anachodaiwa ni sekunde 14.

Hoja ya watoto kuwa darasani ina uzito zaidi. Kwenye barabara kuu inayopita kando ya shule, ambako hakuna makazi karibu, kikomo cha mwendo cha saa za kuingia na kutoka tu, chenye taa zinazowaka na kuzima, ni jambo la akili: dereva anayeona sababu ya kikomo hukitii kuliko anayelazimishwa kutambaa usiku wa manane. Ila hoja hiyo hufa pale shule ilipo katikati ya nyumba za watu. Watoto hurudi uwanjani jioni na siku za mapumziko, na anayechelewa au anayerudishwa nyumbani kwa homa huvuka saa nne asubuhi peke yake, bila mwalimu wa zamu barabarani.

Tatizo ni kwamba tuta halijui saa. Kibao kinaweza kubadilika mchana na usiku, lakini tuta litamrusha mgonjwa aliye kwenye gari la wagonjwa saa nane za usiku sawa na linavyomrusha dereva mkorofi saa moja asubuhi. Hiyo ni gharama ya kweli. Kwa nini basi tuta liwekwe? Kwa sababu kibao humpunguza mwendo yule ambaye tayari alikuwa na nia ya kupunguza, na askari hawezi kusimama hapo kila siku.

Lakini tuta lipi? Malalamiko mengi ya madereva ni ya haki kwa sababu kinacholaaniwa ni tuta baya. Tuta la mviringo linalofaa kwa mwendo huu lina urefu wa karibu mita 3.7 ukilipima kufuata njia ya gari, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ya gari dogo ni mita 2.5 na kitu, kwa hiyo gari zima hupanda juu ya tuta na kushuka. Ukienda taratibu unabembea tu. Ukiongeza mwendo, kiti kinakurusha.

Sasa lichukue lile la nusu mita, limemwagwa zege kwa usiku mmoja, kali kama ukingo wa bakuli. Anayelipita polepole anakwaruzwa tumbo la gari. Anayelipita kwa kasi, hasa mwenye gari refu lenye springi laini, tairi linaruka na springi inameza mshtuko kabla bodi haijapata nafasi ya kuinuka. Dereva huyo anajifunza haraka kwamba ukikimbia unaumia kidogo kuliko ukitambaa. Tuta la namna hii linamwadhibu mtiifu na kumtunuku mkorofi. Na likikosa rangi na kibao cha tahadhari, mwenye pikipiki huligundua usiku akiwa angani.

Kosa lingine ni nafasi. Dereva anayetoka kwenye tuta kwa kilomita 20, akikanyaga mafuta kwa kiasi cha kawaida tu, anafika 50 ndani ya mita 60 hivi. Matuta mawili yaliyoachana mita 200 yanaacha katikati uwanja wa mbio, na mara nyingi lango la shule liko hapo hapo katikati. Kwa lengo la 30, mita 60 hadi 80 ndiyo nafasi ya maana. Bora zaidi ni kuweka kivuko chenyewe juu ya tuta lenye mgongo bapa, ili mahali gari linapokuwa na mwendo mdogo kuliko pote pawe ndipo mguu wa mtoto unapotua. Kwenye njia ya mabasi na magari ya wagonjwa kuna matuta membamba, ya upana wa mita 1.6 hadi 1.9, ambayo gari lenye matairi yaliyoachana hupanua miguu juu yake na kupita kwa shida ndogo. Ubaya wake ni kwamba pikipiki nazo hupenya pembeni bila kupunguza chochote.

Hata lililojengwa vizuri kabisa, tuta linapunguza mwendo tu. Kuna wajibu ambao zege haliwezi kuubeba. Gari lililo mbele yako likisimama kwenye kivuko, usilipite hata kama njia ya pembeni ni tupu: limesimama kwa ajili ya mtu ambaye wewe humwoni, na mtoto wa darasa la kwanza anafichwa kabisa na boneti ya gari refu. Akivuka mmoja, subiri wa pili, kwa kuwa mwenzake huwa anamkimbilia bila kutazama. Usimpigie honi mtoto aliye katikati ya barabara. Wengine huganda, wengine hugeuka na kurudi mbio walikotoka, yaani kwenye njia uliyodhani imeshakuwa salama. Wala usimpungie mkono avuke. Yeye anausoma kama ahadi ya barabara nzima, na wewe unaweza kuahidi njia yako peke yako.

Mzazi anayemleta mtoto kwa gari naye ni dereva. Akiegesha juu ya kivuko "dakika moja tu" ili wake ashukie langoni, amejenga lile lile basi la mwanzo wa hesabu yetu: ukuta unaomficha mtoto wa mwenzake hadi zibaki mita 14. Mita 30 mbele ya kivuko angepata pa kusimama, na wake angeshukia upande wa ukingo.