Wamefeli Wao au Limefeli Swali?

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alituandikia kwa mshangao. Wafanyakazi wa kiwanda chake cha nguo nje ya Phnom Penh, Kambodia, wamemaliza kozi ya usalama kazini, ile tuliyoitafsiri kwa Kikhmer, lugha ya huko, na karibu wote wamefeli swali la 9. Hitimisho lake: "uelewa wao ni mdogo", warudie kozi nzima. Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Swali lenyewe lilikuwa la kujaza: anayepuliza dawa ya kuondoa madoa avae nini machoni? Jibu ni miwani ya kinga, kwa Kikhmer *venta karpea*. Nilipofungua majibu yao, wameandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Programu imewapiga kosa.

Kikhmer hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Mstari unakwenda moja kwa moja, na skrini haijui pa kuukata, ndiyo maana mpangaji wa maandishi hupachika alama isiyoonekana, U+200B, kila mpaka wa neno. Ndani ya aya ni jambo jema, maana bila hiyo neno linakatwa katikati au linamwagika nje ya kitufe. Ila mtu wetu alinakili jibu sahihi kutoka kwenye aya, pamoja na ile alama, akalibandika kwenye ufunguo wa jibu. Wafanyakazi wakaandika kwa simu, bila alama. Wachache waliofaulu ni makarani wa ofisini wenye kompyuta. Kwenye kibodi yao ya Kikhmer, kile kitufe kirefu cha nafasi hutoa alama hiyo hiyo. Kwa hiyo tulipima kibodi, tukaiita elimu ya usalama!

Kurekebisha ni mstari mmoja tu, kwenye jibu na kwenye ufunguo, kabla ya kulinganisha:

```
jibu = jibu.replace(/\u200B/g, '')
```

Lakini hata hivyo, kwa nini umwandikishe mtu anayeshinda kwenye cherehani? Mwekee picha nne, aguse miwani.

Tulipoanza kupekua, tukakuta swali la 4 ni bovu zaidi, kwa sababu lenyewe lilikuwa linafaulisha wasiojua. "Huruhusiwi kutoa kinga ya sindano ili ushone haraka. Ndiyo au hapana?" Msomaji wangu, jibu basi. Mtu akikuuliza "Hukuja jana?" si unasema "Ndiyo, sikuja"? Wakhmer nao hukubaliana na kauli iliyosemwa, lakini aliyetunga swali kwa Kiingereza alitaka "hapana", yaani huruhusiwi. Hivyo anayejua anafeli, asiyejua anafaulu. Juu ya hilo, kitufe cha "ndiyo" kilikuwa na neno *baat*, ambalo ni la wanaume. Mwanamke husema *chaa*. Na kwenye viwanda vya nguo vya Kambodia wengi wa washonaji ni wanawake! Mfasiri wetu alikuwa ametuandikia haya mapema, akajibiwa kwamba yeye atafsiri tu. Tuliligeuza: "Mshonaji ametoa kinga ya sindano ili amalize haraka. Amefanya *traeuv* au *khos*?" Sahihi au kosa. Kukanusha kumeondoka, jinsia nayo imeondoka.

Usiniambie tafsiri ilihakikiwa. Ilirudishwa kwa Kiingereza, ikafanana na ya kwanza, wakapiga muhuri. Kasoro zote mbili zilipita hapo bila kuguswa. Zingeonekana kama wangekaa na washonaji watano, wakamwambia kila mmoja asome swali kwa sauti na aeleze anaulizwa nini. Nusu siku tu.

Picha? Za ghala lenye theluji mlangoni nilizitoa bila kuomba ruhusa. Fuvu la kichwa lilinigombanisha na mfasiri: kwake, fuvu kwenye kibao chekundu ni onyo la mabomu ya ardhini, na watu wamekua wakiliona. Nilikubali shingo upande libaki, kwa kuwa ndilo lililobandikwa kwenye kopo la dawa, na tukaweka kopo lenyewe pichani, si fuvu peke yake.

Mfano mmoja nimeupigania hadi mwisho. Kozi ya asili ilifundisha kuteleza kwa kahawa iliyomwagika ngazini. Washonaji hawa husafiri wakiwa wamesimama, wamebanana kwenye malori ya wazi, na sheria ya kazi ya Kambodia ya 1997 inahesabu ajali ya njia ya moja kwa moja kutoka nyumbani kuwa ajali ya kazini. Mshonaji aliyeanguka kutoka kwenye lori anapaswa kujua kwamba hilo linaripotiwa, na fidia inadaiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mteja alisema hiyo "si mada ya kozi". Nimemtumia skrini ya lori jana saa tano usiku, pamoja na swali lake. Bado hajajibu.