Menyu ya QR mgahawani: stika ni rahisi, kazi inaanza saa saba mchana

"Wakuu nina mgahawa Dar, chakula kinabadilika kila siku, kuna kijana anataka nimlipe kila mwezi aniwekee menyu ya QR mezani. Inalipa au napigwa?"

Mkuu, anza kwa kuangalia hiyo QR imebeba nini ndani. Ule mchoro wa visanduku vyeusi haubebi menyu, unabeba linki tu. Kama linki ni ya ukurasa wako mwenyewe, stika haina tarehe ya kufa, utabadilisha vyakula na bei kila siku na stika itabaki ileile. Ila wengi wanaouza huduma ya kila mwezi wanaweka ndani linki fupi ya kwao, mteja akiskani anapita kwao kwanza ndo wanamrusha kwenye menyu yako. Siku ukiacha kulipa wanaikata hapo katikati na meza zako zote zinabaki na stika zisizofungua kitu. Kujua ni rahisi: elekeza kamera kwenye stika bila kubonyeza, soma anwani inayotokea. Kama jina la hapo sio lako, ujue unapanga.

Kupanga nako sio dhambi lakini. Huyo kijana anaweza kukuonyesha watu wangapi wameskani leo, na ukitaka kuhamisha menyu huhitaji kuprinti upya. Kama hana hicho na bado anataka hela kila mwezi, muulize analipwa kwa kazi gani, maana kutengeneza QR yenyewe ni bure, hata brauza ya Chrome inayo sehemu ya kuitengeneza imeandikwa Create QR Code.

Sasa upande wa kubadilisha kila siku, hapa ndo nina maneno mengi kidogo. Migahawa mingi ikisema ina menyu ya QR ukweli ni PDF imewekwa mtandaoni, mteja anashusha faili zito lenye picha halafu anavuta kwa vidole kushoto kulia kusoma bei, na kwa sababu kuibadilisha ni mpaka aliyeichora aitwe, ikifika wiki ya pili inaonyesha chakula ambacho hakijapikwa toka mwezi uliopita. Kwa mgahawa wa aina yako naona Google Sheets inatosha kabisa, haina mvuto ila inafanya kazi.

Unafungua karatasi mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza iite Jikoni: safu ya A chakula, B bei, C kisanduku cha tiki (Insert > Checkbox). Humo unaandika vyote mnavyojua kupika, pilau, wali maharage, ndizi nyama, ugali samaki, chapati, hata vile vya Ijumaa tu. Ya pili iite Leo, na kwenye A1 weka hii:

```
=IFERROR(FILTER(Jikoni!A2:B60, Jikoni!C2:C60=TRUE), "Jikoni tumefunga")
```

Kilichopigwa tiki kinaonekana, kisicho na tiki kinapotea. Hiyo IFERROR usiitoe, maana usiku ukishatoa tiki zote FILTER inakosa cha kuonyesha inaleta #N/A, na mteja wa saa kumi na mbili asubuhi anakuta ndo menyu yako. Halafu nenda File > Share > Publish to web, chagua karatasi ya Leo peke yake, usichapishe faili zima kama humo ndani umeandika na bei za kununulia. Maandishi yaweke makubwa na safu ziwe nyembamba, la sivyo kwenye simu vinakuwa vidogo kama maelezo ya dawa.

Linki inayotoka hapo ni ndefu balaa, na linki ikiwa ndefu QR inajaa visanduku vidogo vidogo, simu ya kamera dhaifu inahangaika. Kama una jina la .co.tz, mwambie anayekuhudumia aelekeze anwani fupi kwenda kwenye hiyo linki ndefu, na umsisitizie uelekezaji uwe wa muda, yaani 302, sio 301, kwa sababu 301 maana yake ni kuhama moja kwa moja na brauza ya mteja inaweza kukariri, siku ukibadilisha yeye bado anapelekwa kule kwa zamani. Hiyo anwani fupi ndo unaiweka kwenye QR.

Kinachosumbua sasa ni saa saba mchana. Samaki wa Feri wamekuja wachache, sahani ya mwisho imetoka, jikoni wanajua, wahudumu wanajua, menyu haijui. Mtu wa kutoa tiki anatakiwa awe yule anayepakua chakula, na simu iwe karibu yake, sio bosi aliyeko Kariakoo. Halafu ukurasa uliochapishwa haubadiliki papo hapo, unaweza kuchelewa dakika kama tano hivi, kwa hiyo mteja aliyefungua kabla ataagiza samaki na ataambiwa hakuna. Hapo utasikia "mbona kwenye simu yapo?" na hana kosa. Kitu kinachokaribia kuisha mimi ningetoa tiki zikibaki sahani tatu nne, zilizobaki mhudumu atazinadi kwa mdomo.

Na huo mdomo ndo mpinzani wa kweli wa QR. Mteja wa mchana anakaa, anauliza "leo kuna nini?", dada anataja vitu sita kwa pumzi moja, kwisha. Huyo umwambie atoe simu, awashe data, asubiri ukurasa, wakati pengine bando limeisha au ana kitochi, unamchelewesha tu. Wazee wengine wataona kama unawafukuza kijanja. Kwa mteja aliyekaa mezani ubao wa chaki mlangoni unaishinda QR, tena ubao hauna chaji. Faida ya maandishi hapo mezani ni moja tu naiona, bei ikiwa wazi mhudumu hawezi kuongeza cha juu, na hiyo hata ubao unaifanya.

Faida kubwa iko kwa asiyekaa mezani. Watu wa ofisi za jirani wanaoagiza kwa simu wanataka kujua kuna nini kabla ya saa sita, na linki ileile unaibandika WhatsApp, wanaihifadhi, kila asubuhi wanafungua wenyewe bila kukupigia. Ndo maana stika ningeibandika kwanza kwenye mifuko ya take away na kaunta, meza zifuate baadaye. Upana wa sentimita tatu nne unatosha kwa mtu aliye karibu, uache nafasi nyeupe pembeni pande zote, na laminesheni isiwe ya kung'aa maana mwanga wa taa ukipiga juu kamera haioni kitu. Manjano na mafuta usiogope sana, QR ina akiba ya kusahihisha, ukiitengeneza kwa kiwango cha H inasomeka hata karibu asilimia 30 ya data yake ikiwa imeharibika.

Ila kuna jamaa wanaobandika stika yao juu ya yako. Mhudumu akifuta meza asubuhi apitishe kidole juu ya stika, na menyu yako isiombe malipo kabisa, Lipa Namba ibaki kaunta na jina la biashara lisomeke, ili mteja akiskani mezani akaona anadaiwa hela ashtuke mwenyewe.

Kwa hiyo huyo kijana usimlipe kila mwezi. Mlipe mara moja akupangie Sheet na hiyo anwani fupi, jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina lako, kisha jaribu na ofisi mbili tatu za jirani. Kama ikifika saa saba na nusu yule dada wa kupakua bado hajagusa simu, futa ubao uandike kwa chaki.